Pikapu Ikikaa Chini Nyuma, Usikimbilie Kuongeza Jani

Pikapu ya tani moja inayobeba viazi na kabichi kutoka Lukozi, juu kabisa Lushoto, ina njia mbili za kumwambia mwenyewe kwamba springi za nyuma zimechoka. Ya kwanza ni ya macho: ikishapakiwa, pua inatazama juu, taa zinamulika vilele vya miti, na bodi inakaribia kugusa tairi. Ya pili ni ya masikio: kila tuta, kila shimo, chini panalia kama kitanda cha chuma. Mwenye gari akifika gereji pale Mombo anaulizwa swali moja tu: "Bosi, tukuongezee jani?" Bosi anakubali, jani linaongezwa, gari linainuka. Baada ya miezi michache limerudi palepale, na safari hii linakimbia upande.

Mimi nasema swali hilo linaulizwa mapema mno. Kukaa chini, kulia na kukimbia upande mara nyingi ni shauri moja lililoanza kwenye nati nne ambazo hakuna aliyezigusa tangu gari linunuliwe. Ili tuone inakuwaje, tuanze na jinsi springi hizi zilivyofungwa.

Nyuma ya pikapu nyingi, Hilux zikiwemo, uzito unabebwa na majani ya chuma yaliyopinda kama tabasamu, yamepangwa moja juu ya jingine, refu juu na fupi chini. Jani la juu, ambalo ndilo kuu, limekunjwa ncha zote mbili na kufanya macho. Jicho la mbele limefungwa kwa pini kwenye chasisi na halisogei. Jicho la nyuma linaning'inia kwenye sheko, vile vibao viwili vya chuma vinavyocheza mbele na nyuma, kwa sababu springi ikilala inakuwa ndefu na lazima ipate pa kwenda. Ndani ya kila jicho mna bushi ya mpira ili chuma kisisagane na chuma. Katikati, majani yote yametobolewa tundu moja na kushikwa pamoja na bolti nyembamba, sentabolti. Kichwa chake kinaingia kwenye kishimo kilichoko juu ya ekseli. Halafu yubolti mbili, zenye nati nne kila upande wa gari, zinaibana springi juu ya ekseli.

Watu wengi, na hata mafundi kadhaa, hudhani sentabolti ndiyo inayoishikilia ekseli isihame. Sivyo. Kazi yake ni kuonyesha mahali tu, ili springi ikikalishwa ikae pale inapotakiwa. Kinachozuia ekseli isisogee ni mbano wa yubolti. Mbano ukiwa mkali, majani na ekseli vinakuwa kitu kimoja, na nguvu ya breki au ya injini inapita kwenye msuguano. Ukilegea, nguvu zote hizo zinaiangukia bolti nyembamba kama kidole, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Na nati hulegea. Majani mapya yana rangi na kutu katikati, vinasagika taratibu na fungu zima linapungua unene kidogo. Yubolti nazo hunyooka. Barabara ya Lukozi ni ya kutetemeka, na mteremko wa kwenda Mombo ni wa breki mwanzo hadi mwisho. Nati ikipoteza robo mzunguko haionekani kwa macho, lakini mbano umeshapungua.

Hapo ndipo ufa unapozaliwa. Springi ikibanwa vizuri, sehemu iliyo kati ya yubolti mbili haipindi kabisa. Kupinda kunaanzia nje ya mbano, ambako jani ni zima. Mbano ukilegea, kupinda kunaingia ndani hadi kwenye tundu la sentabolti, na pale chuma kimepungua upana kwa sababu ya tundu lenyewe. Gari linapopanda na kushuka mara maelfu kwa siku, ufa mwembamba unaanza kwenye ukingo wa tundu, upande wa juu wa jani, kwa kuwa huo ndio upande unaovutwa springi inapolala. Upande huo wa juu umefunikwa na jani jingine. Unaweza kulala chini ya gari na tochi saa nzima usiuone.

Kwa hiyo anayetaka kujua asianze kwa kutafuta ufa. Aanze kwa utepe wa kupimia.

Tuchukue gari moja kama mfano, pikapu ya viazi iliyoletwa na malalamiko yote matatu. Mzigo umeshushwa, gari limesimama pa tambarare, tairi zina upepo sawa. Fundi anapima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Kulia anapata sentimita 56, kushoto 52. Gari tupu, tofauti ya sentimita 4. Kama pande zote mbili zingekuwa zimeshuka sawasawa tungesema springi zimezeeka tu. Upande mmoja ukishuka peke yake, kuna kilichovunjika.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahaulika. Unapima kutoka kwenye pini ya jicho la mbele hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, na vipimo viwili vinatakiwa vilingane. Kwenye gari letu, kulia ni sentimita 60 na nusu. Kushoto ni karibu 62. Ekseli ya kushoto imerudi nyuma takriban milimita 14. Dereva alikuwa ameshasema usukani unakaa kushoto kidogo hata barabara ikiwa imenyooka, na alishalipia kupanga magurudumu ya mbele mara mbili bila nafuu. Isingekuwa na nafuu. Ekseli ya nyuma ikiwa imekaa mshazari, magurudumu ya nyuma yanataka kwenda kushoto, na dereva anapaswa kushika usukani kushoto muda wote ili gari liende mbele. Kwa pikapu yenye urefu wa karibu mita 3 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mshazari huo unatosha kulisogeza tako la gari sentimita tatu hadi nne nje ya mstari.

Asiye na utepe anaweza kulipitisha gari polepole kwenye dimbwi na kutoka moja kwa moja kwenye lami kavu, kisha ashuke atazame alama za tairi. Alama za nyuma si lazima zilale juu ya zile za mbele, kwa sababu upana wa mbele na wa nyuma mara nyingi hautofautiani sana lakini haulingani. Cha kutazama ni kama nafasi kati ya alama ya mbele na ya nyuma ni ileile upande wa kushoto na wa kulia. Ikiwa upande mmoja zimeachana na upande mwingine zimepandana, ekseli imehama.

Baada ya kupima ndipo unaingia chini. Pale springi inapokalia ekseli, kwenye gari hili kulikuwa na unga mwekundu mwekundu, mkavu, laini kama unga wa pilipili ya kusaga. Huo ni kutu inayotokana na vyuma viwili vinavyosuguana kidogo kidogo bila kukoma. Pembeni yake palikuwa na mstari unaong'aa wa upana wa kama sentimita moja na nusu, mahali ambapo sahani ya yubolti ilikuwa imekaa mwanzoni kabla ya kusogea. Chuma kinachong'aa chini ya gari lenye tope lote lile kinasema wazi kwamba kitu kinatembea.

Kuhusu mlio, kuna kipimo cha ndoo ya maji ya sabuni. Mtu mmoja anasimama kwenye bampa la nyuma anarukaruka, mwingine anamwagia maji ya sabuni jicho moja kwa wakati mmoja, halafu ncha za majani. Sehemu ambayo ikilowa mlio unakatika ndiyo inayolia. Hapa ulikatika kwenye sheko ya kushoto. Fundi akaingiza mtaimbo mwembamba kati ya jicho na sheko, akakandamiza, na pini ikacheza ndani ya jicho kwa milimita kadhaa. Bushi ilikuwa imebaki utando mweusi upande mmoja, upande mwingine haipo kabisa, na pini yenyewe imeliwa hadi imefanya ngazi unayoweza kuisikia kwa ukucha.

Watu wengi hapa humwagia oili chafu ya injini, na kelele hunyamaza wiki moja. Mpira wa kawaida ukilowa oili unavimba na kulainika, na vumbi likishika kwenye oili linakuwa msasa. Ukitaka kunyamazisha bushi ya mpira iliyo nzima, maji ya sabuni yanatosha kwa kupima, na grisi ya silikoni ndiyo isiyoudhuru mpira. Iliyokwisha haina dawa zaidi ya kubadilishwa pamoja na pini yake. Bushi mpya juu ya pini iliyoliwa itakatwa na ile ngazi kabla ya msimu kwisha.

Springi ilipofunguliwa mambo yote yalikaa mezani. Kichwa cha sentabolti kilikuwa kimekatika na kubaki ndani ya kishimo cha ekseli. Jani la tatu lilikuwa limevunjika vipande viwili kupitia tundu la katikati. Uso wa mvunjiko ulikuwa na rangi mbili: karibu theluthi mbili nyeusi na kahawia, yenye mistari myembamba iliyopinda kuzunguka ukingo wa tundu, na sehemu iliyobaki ya kijivu, inang'aa, yenye chembechembe. Ile nyeusi ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea taratibu huku maji na vumbi vikiingia. Ile ya kijivu ndiyo iliyokatika kwa kishindo siku ya mwisho, labda kwenye shimo ambalo dereva analilaumu mpaka leo. Shimo halina hatia kubwa. Jani lilikuwa limeshakufa kwa muda mrefu.

Na jani kuu, lilipofutwa kwa brashi ya waya, lilionyesha ufa wa urefu wa ukucha ukianzia kwenye tundu lake. Huu ndio wa kuogopwa. Majani mengine yakivunjika gari linalala upande, linatia aibu lakini linafika. Jani kuu ndilo lenye macho, na nusu yake ya mbele ndiyo inayoivuta ekseli pamoja na gari. Springi nyingi zina jani la pili lililokunjwa kuzunguka jicho la mbele kama akiba, lakini akiba hiyo ni ya kukufikisha pembeni mwa barabara. Ikishindikana, ekseli inarudi nyuma, propela shafti inavutika, na bomba la breki linaweza kukatika ukiwa katikati ya mteremko. Gari lenye ufa kwenye jani kuu halipakiwi tena hata gunia moja.

Sasa turudi kwenye lile swali la gereji. Gari hili lilikuwa na majani manne ya kazi na moja nene la chini, lililonyooka, ambalo huanza kubeba pale tu mzigo unapokuwa mkubwa. Jani moja kati ya manne likitoka kazini, ugumu wa springi unapungua kwa robo hivi, na mzigo uleule unaizamisha theluthi zaidi: palipokuwa na sentimita 9 panakuwa 12. Kuongeza jani jipya juu ya lile lililovunjika kungerudisha kimo, hilo halina ubishi. Lakini ufa wa jani kuu ungebaki, sentabolti ingebaki imekatika, ekseli ingebaki mshazari, na sasa mwenye gari angeona limeinuka akajiona amepona.

Tena jani lenyewe la kuongeza huwa halichaguliwi. Linachukuliwa lililopo, mara nyingi limetoka kwenye gari kubwa zaidi. Ugumu wa jani unapanda kwa kasi kuliko unene wake: jani la milimita 8 lina ugumu wa karibu mara moja na nusu ya jani la milimita 7 lenye upana na urefu uleule. Na kwa kuwa yote yanalazimishwa kupinda pamoja, lile nene ndilo linaloumia zaidi na ndilo litakalotangulia kuvunjika. Ndiyo maana majani hununuliwa kwa seti, ya kushoto na kulia kwa pamoja, yenye unene na mpindo wa gari husika.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisikia likitajwa gereji. Pikapu nyingi zina vali ya breki ya nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Bodi ikishuka karibu na ekseli, vali inajua kuna mzigo na inapeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukiinua nyuma kwa majani ya ziada, vali inadhani gari ni tupu hata likiwa na viazi tani nzima, na breki za nyuma zinapewa kidogo. Atakayebadilisha kimo cha gari lazima arekebishe fimbo hiyo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwa anayeshuka Mombo kila wiki, mimi ningeitaja kabla ya bei ya jani.

Kuchomelea jani lililovunjika tusilijadili sana. Chuma cha springi kimepashwa moto, kikazimwa na kupashwa tena kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuwa kikavu. Moto wa kuchomelea unaharibu hali hiyo, na jani linakatika tena sentimita moja kando ya alama ya kuchomelea. Hata kulikunja upya kwenye moto wa mhunzi ambaye hatalizima na kulipasha tena kunatoa jani lenye umbo zuri lisilo na nguvu ya kurudi. Jani chakavu lina kazi yake: wahunzi hulipenda kwa mapanga na majembe. Wala shokapu mpya hazitainua gari. Kazi ya shokapu ni kutuliza mrusho, haibebi uzito.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku moja. Seti mbili za springi, sentabolti mpya, bushi zote sita kwa sita na pini zake, na yubolti mpya, kwa kuwa iliyokwisha kunyooka haibani tena sawasawa. Makalio ya springi juu ya ekseli yalikwanguliwa kutu hadi chuma kikaonekana, na kile kipande cha kichwa cha bolti kikatolewa kwenye kishimo. Kikisahaulika humo, springi mpya haikai chini, nati zinakazwa juu ya uongo.

Fundi mzee aliyesimamia kazi hiyo alimzuia kijana wake mara moja tu, pale alipotaka kukaza pini za bushi gari likiwa bado juu ya jeki. "We dogo, shusha kwanza gari likanyage chini." Ana sababu. Bushi ya mpira haizunguki ndani ya jicho. Imeshika, na springi inapocheza mpira unajipinda na kurudi. Ukiikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unafungwa ukiwa umetulia mahali pasipo pake. Gari likishushwa, tayari umepindika, na kila shimo linaupinda zaidi hadi unachanika. Pini zinaingizwa gari likiwa juu, nati zinashikwa kwa mkono, gari linashushwa, linatikiswa, ndipo linakazwa. Yubolti nazo zinakazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo, ili sahani ishuke sawa pande zote.

Mwishoni walipima tena: kimo sawa, na kutoka pini hadi ekseli sentimita 60 na nusu kushoto na kulia.

Swali la mwenye gari lilikuwa kama sasa anaweza kuongeza gunia la tisa. Gunia la viazi la lumbesa linavuka kilo 100 kwa urahisi. Ukilipa kilo 120, manane tu ni kilo 960, na bado utingo na wenye mzigo hawajakaa. Basi tani imekwisha kabla hujafunga turubai. Kuna hesabu nyingine hapo. Kilo 300 zikiwekwa mita moja nyuma ya ekseli, kwenye gari la urefu ule wa mita 3, springi za nyuma zinabeba kilo 400, kwa sababu mzigo ule unainua kilo 100 kutoka magurudumu ya mbele. Magunia mazito yanaanza kwenye ukuta wa kabini, na kabichi ndizo zinazokaa mlangoni.

Kabla gari halijaondoka, fundi alichukua rangi nyeupe na kuchora mstari mmoja kwenye kila nati, kutoka kwenye nati hadi kwenye sahani. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo lilirudi, nati zikakazwa tena, na zote zilikubali kwenda kidogo, mbili kati yake karibu robo mzunguko. Mistari ikafutwa ikachorwa upya. Sasa hivi utingo akishuka kituo cha mafuta Segera anainama na tochi, anahesabu mistari minane. Ukimkuta mmoja umekatika kati ya nati na sahani, spana iko nyuma ya kiti.